Kilo ngapi za sato nichukue alfajiri?

*"Nauza sato wabichi kwenye kibanda hapa Mwanza, sina friji. Nachukua mzigo mwaloni alfajiri mara moja tu, kilo 50, kwa 9,000 kilo. Nauza 12,000. Wanaobaki jioni anawachukua mama mmoja wa kukaanga kwa 5,000. Bodaboda, barafu na ushuru vinakula kama 10,000 kwa siku. Jumapili sifungui. Mauzo ya siku 20 zilizopita, kwa mfululizo, ni kilo 38, 50, 27, 44, 33, 30, 36, 50, 22, 47, 35, 40, 28, 50, 31, 42, 25, 39, 34, 50. Hizo 50 ni siku ambazo samaki waliisha. Shemeji anasema mteja asirudi mikono mitupu, bora wabaki. Mume wangu anasema nichukue wastani. Nani yuko sahihi?"*

Dada yangu, hakuna aliye sahihi, ila mumeo yuko karibu zaidi. Na kabla hatujafika kwao, umefanya jambo moja zuri bila kukusudia: umeandika siku zako kwa mfululizo. Hebu zitazame tena. Ile 50 imetokea siku ya 2, ya 8, ya 14 na ya 20, yaani inarudi kila baada ya siku sita za kazi, na wewe Jumapili hufungui. Hukuniambia ni siku gani, lakini naweza kuweka dau kwamba ni Jumamosi. Kama ni hivyo, una biashara mbili ndani ya kibanda kimoja, ya Jumamosi na ya siku za kawaida, na hesabu yoyote inayozichanganya itakupa jibu lisilofaa kwa upande wowote. Wastani wa siku zote 20 ni kilo 37 na nusu. Kwa Jumamosi ni mdogo mno, kwa Jumanne ni mkubwa. Jumamosi tuiweke kando kwanza.

Zinabaki siku 16. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, usijali ilikuwa tarehe gani: 22, 25, 27, 28, 30, 31, 33, 34, 35, 36, 38, 39, 40, 42, 44, 47. Hakuna hata siku moja kati ya hizi iliyofika 50, kwa hiyo samaki hawakukuishia, na namba hizi ni mahitaji halisi ya wateja. Hilo ni jambo la kushukuru, na nitalirudia chini.

Sasa, kosa la shemeji na la mumeo ni moja. Wote wawili wanatazama wateja peke yao. Idadi ya wateja inakupa nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kwenye bei zako tatu, yaani ya kununulia, ya kuuzia na ile ya mama wa kukaanga. Kilo ukiikosa wakati mteja amesimama mbele yako, umekosa faida ya 3,000. Kilo ikikubakia jioni, umeinunua 9,000 ukaitoa kwa 5,000, umepoteza 4,000. Kwako wewe kubakiwa kunauma kuliko kupungukiwa. Ukishaliona hilo, utajua mara moja kwamba mzigo wako wa siku ya kawaida lazima uwe chini kidogo ya katikati ya ile orodha. Mfanyabiashara mwingine mwenye wateja walewale, anayenunua kwa 6,000, angepaswa kubeba zaidi yako, na wote wawili mkawa sahihi.

Je, ni chini kiasi gani? Usifikirie mzigo mzima. Fikiria kilo moja moja, kana kwamba mchuuzi mwaloni anapima na wewe ndiye unayemwambia "ongeza" au "basi".

Chukua kilo ya 33. Itauzwa kwa bei ya mchana siku ambazo mahitaji yalifika 33 au zaidi. Hesabu kwenye orodha, utapata siku 10 kati ya 16. Siku hizo 10 inakuletea 30,000. Siku 6 zilizobaki inakubakia mkononi na kukula 24,000. Inalipa, mwambie aongeze. Njoo kwenye kilo ya 34. Hiyo inauzwa siku 9, inaleta 27,000, inabaki siku 7 na kula 28,000. Hailipi tena. Hapo mwambie basi. Mzigo wako wa siku ya kawaida, kwa bei ulizonitajia, ni kilo 33.

Hutaki kuhesabu kilo moja moja kila alfajiri, kwa hiyo kuna njia ya mkato inayotoa jibu lilelile. Gawanya unachokosa ukipungukiwa kwa jumla ya unachokosa ukipungukiwa na unachopoteza ukibakiwa:

3,000 ÷ (3,000 + 4,000) = 0.43

Zidisha kwa idadi ya siku ulizonazo: 0.43 mara 16 ni 6.9. Panda hadi namba nzima inayofuata, 7, kisha hesabu mstari wa saba kwenye orodha yako, kuanzia namba ndogo kuliko zote. Ni 33.

Wasomi wanaiita hesabu hii tatizo la muuza magazeti, kwa sababu gazeti la leo kesho ni la kufungia maandazi. Wazo lenyewe lilianza benki. Mwaka 1888 mchumi Francis Edgeworth alikuwa akijiuliza benki iweke akiba ya fedha taslimu kiasi gani wakati haijui wateja wangapi watakuja kutoa pesa. Sato wako na fedha za benki wana shida moja: unaamua kiasi kabla hujajua.

Turudi kwenye pesa zako, maana najua kilo 33 inakutia hofu. Nimechukua siku zako 16 zilezile na kupiga hesabu ya kila siku kwa mizigo tofauti, kabla ya kutoa bodaboda, barafu na ushuru. Kwa kilo 50 unazobeba sasa, siku hizo 16 zilikupa faida ya 657,000. Ungebeba kilo 33, zingekupa 1,339,000. Ndiyo, zaidi ya mara mbili, kwa wateja walewale na bei zilezile. Faida iliyopotea ndiyo ile uliyokuwa ukimpelekea mama wa kukaanga kila jioni kwenye ndoo.

Kuna jingine ndani ya hesabu hiyo. Siku yako mbaya kuliko zote, ile ya kilo 22, ukiwa na mzigo wa 50 ulitoka na hasara ya 46,000 hata kabla hujamlipa bodaboda. Siku za 25, 27 na 28 nazo zilikuwa za hasara. Ukiwa na mzigo wa 33, siku ileile ya kilo 22 unatoka na 22,000, unatoa gharama zako 10,000, unarudi nyumbani na 12,000. Kama mtaji wako ni mdogo, au mbaya zaidi umetoka kwenye mkopo wa kausha damu unaodai kila siku, hili lina uzito kuliko faida ya wastani. Siku mbili mbaya zikifuatana zinaweza kukutoa mwaloni kabisa.

Lakini usiiabudu 33. Ungebeba kilo 30, siku 16 zingekupa 1,314,000, na kilo 36 zingekupa 1,315,000. Tofauti na jibu bora ni kama 1,500 kwa siku. Kilima hiki kileleni ni bapa. Ukikosea kilo mbili tatu huku au kule, hutaona tofauti. Shida inaanza ukienda mbali, kama ulivyoenda 50. Kwa hiyo asubuhi mchuuzi akikupimia sato wakubwa mizani ikasoma 34 na nusu, chukua tu, usigombane naye.

Utakuwa umegundua kwamba sijagusa ile 10,000 ya bodaboda, barafu na ushuru nilipotafuta 33. Sijaisahau. Watu wengi huigawa kwa kila kilo na kuiongeza kwenye bei ya kununulia, na hapo wanaharibu hesabu. Bodaboda anadai nauli ileile ukipakia 33 au 50, na mtoza ushuru haangalii ndoo. Gharama isiyobadilika kwa kilo moja zaidi haiamui kilo moja zaidi. Inaamua jambo lingine, kama biashara yenyewe inalipa au la. Barafu ndiyo ya kuangalia: kama kilo za ziada zinakulazimisha kununua bonge la pili, basi bonge hilo ni gharama ya kilo hizo.

Sasa shemeji. Hoja yake si ya kupuuza. Mteja wa kudumu anayekuta meza tupu mara mbili anahamia kibanda cha jirani, na anahama na ugali wake wa mwaka mzima. Hesabu inaweza kumsikiliza shemeji, mradi aseme ni shilingi ngapi. Tuseme kila kilo unayomkosesha mteja inakugharimu 2,000 zaidi ya faida uliyokosa, kwa sababu ya wateja watakaopotea. Kupungukiwa sasa kunauma 5,000, kubakiwa 4,000. Tano kwa tisa, mara 16, ni 8.9, panda hadi 9, na mstari wa tisa ni kilo 35. Yaani hoja nzima ya shemeji, ukiipa bei ya heshima kabisa, inakuongezea kilo mbili. Haikufikishi 50. Orodha yako ya siku za kawaida yenyewe haivuki 47. Kama unaogopa kumpoteza mteja fulani, dawa ya bei nafuu ni namba yake ya simu: apige asubuhi, mwekee kilo zake mbili pembeni.

Na mumeo? Wastani wa siku za kawaida ni kilo 34 na kidogo, hivyo kwa bahati yuko karibu. Lakini ni bahati. Mwaka 2000 watafiti wawili, Maurice Schweitzer na Gérard Cachon, walichapisha majaribio waliyowafanyia watu waliopewa hesabu zote mkononi, mahitaji na bei. Bado watu walivutwa kuelekea wastani. Bidhaa yenye faida kubwa waliagiza pungufu, yenye faida ndogo waliagiza kupita kiasi. Ni mazoea ya binadamu, si ya mumeo peke yake. Wastani unafaa pale tu ambapo kubakiwa na kupungukiwa vinauma sawasawa, na orodha yenyewe haijaegemea upande.

Utaona jinsi wastani unavyokuangusha bei ya mwaloni ikibadilika, na wewe unajua kuliko mimi inavyobadilika. Sema leo samaki ni wengi, unapata kwa 7,000, na mtaani bado unauza 12,000. Sasa ukipungukiwa unakosa 5,000 na ukibakiwa unapoteza 2,000. Tano kwa saba, mara 16, ni 11.4. Mstari wa 12, kilo 39. Kesho upepo umevuma, mitumbwi imerudi mitupu, bei 10,500. Ukipungukiwa unakosa 1,500 tu, ukibakiwa unapoteza 5,500. Unaangukia mstari wa nne, kilo 28. Wateja ni walewale siku zote mbili, wastani haujasogea, lakini mzigo sahihi umeruka kutoka 39 hadi 28.

Kwa hili nikupe kitu cha kubeba kichwani. Kutoka bei yako ya kuuzia hadi ya mama wa kukaanga ni 7,000. Ukiigawa kwa siku 16 unapata kama 440. Kila bei ya mwaloni inapopanda 440, shuka mstari mmoja kwenye orodha, kuelekea namba ndogo. Inaposhuka 440, panda mmoja. Andika ile mistari 16 kwenye kipande cha boksi, weka alama kwenye 33 kwa bei ya 9,000, na uende nacho mwaloni. Hayo ni maamuzi ya sekunde kumi, huku umeshika tochi.

Tahadhari moja hapo. Hii inasimama kama bei ya mtaani haitikisiki. Samaki wakipanda na wewe ukapandisha hadi 13,500, orodha yako ya siku 16 haikuhusu tena, kwa sababu watu walionunua kwa 12,000 baadhi yao watakwenda kwenye dagaa. Siku za bei ya juu ziandikie ukurasa wake.

Tuje Jumamosi. Hapa lazima nikiri hesabu inakwama, na inakwama kwa sababu ya daftari. Jumamosi zote nne umeandika 50, lakini 50 haikuwa mahitaji, ilikuwa mzigo. Labda mteja wa mwisho alichukua kilo ya mwisho saa 12 jioni. Labda samaki waliisha saa 6 mchana na watu 15 wakageuka. Daftari linasema kitu kilekile kwa hali zote mbili. Unachojua ni kwamba kilo zote 50 zilitoka kila mara, kwa hiyo hakuna sababu ya kupunguza. Jumamosi ijayo beba 60. Na kuanzia sasa, siku yoyote samaki wanapoisha, andika saa. Kisha weka kopo tupu na punje za mahindi chini ya meza. Kila anayekuja na kukuta hakuna, muulize alitaka kilo ngapi, tupia punje moja kwa kila kilo. Usiku hesabu punje, ongeza kwenye mauzo. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye orodha, mauzo pamoja na punje.

Punje hizo utazihitaji siku za kawaida pia, na hapa ndipo nimeona watu wakijimaliza. Ukianza kubeba 33, karibu siku tisa kati ya 16 samaki wataisha mapema. Hilo ni sawa, ndiyo hesabu yenyewe ilivyo. Lakini ukiandika mauzo tu, wastani wa daftari lako utashuka hadi kama kilo 31. Mtu anayefuata wastani ataona 31, atabeba 31, mwezi unaofuata daftari litaonyesha kama 30, atabeba 30, huku akilalamika kwamba biashara imekuwa ngumu. Wateja hawajapungua. Yeye ndiye anayewafukuza kisha anaandika kwamba hawakuja. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuiona: meza tupu mapema karibu kila siku, na namba zinazofuatana kushuka polepole. Na hata kama hufuati wastani, siku samaki wakishuka hadi 7,000 utataka mstari wa 12, na daftari lisilo na punje litakuwa na 33 kila mahali, halitakuambia kitu.

Kuna mambo mawili ya kuuliza kabla hujabadilisha mzigo kesho. La kwanza ni mama wa kukaanga. Je, anatoa 5,000 hata siku unapompelekea kilo 28, au baada ya kilo 10 anaanza kushusha? Kama anashusha, kubakiwa kunauma kuliko nilivyohesabu, na mzigo wako unapaswa kupungua kidogo tena. La pili ni safari. Kama unaweza kumpigia mchuuzi saa 5 asubuhi akakuletea kilo 10 za ziada kwa bei ya kueleweka, basi anza na 28 na uone mchana unaendaje. Hesabu yote hii ni ya mtu anayeagiza mara moja. Vilevile siku utakayopata friji, samaki wa leo akauzwa kesho kwa bei karibu ileile, itupe orodha hii na unitumie swali jingine.

Baada ya wiki nne utakuwa na siku za kutosha kupanga upya. Ziweke siku mpya, zitoe za zamani. Mstari mmoja ukisogea kilo moja au mbili usishtuke, siku 16 ni chache na mistari inacheza. Ikisogea kilo nane, kuna kitu kimetokea mtaani, pengine jirani kafungua kibanda.

Jambo ambalo siwezi kukusaidia kwa maandishi ni mkopo, kama upo. Ikiwa kila jioni kuna anayekuja kuchukua marejesho na yanazidi faida ya kilo 33, kubadilisha mzigo hakutatosha. Chukua daftari lako uende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, umuulize kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotolewa kwa vikundi vya wanawake. Nenda na ukurasa wenye siku zako 16 na bei tatu.